Kivuli Hulifuata Jua, Mwakisiko Humfuata Mtazamaji

Ukitaka kuongeza kitu juu ya meza ndani ya picha iliyokwisha kupigwa, kukikata kitu chenyewe na kukibandika ni kazi ya dakika chache. Jasho linakutoka pale unapotaka kikae, yaani kionekane kimeigusa meza.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mfanyabiashara wa kahawa ana picha nzuri ya meza ya mbao iliyopigwa vanishi. Juu ya meza kuna bilauri ya chai na bakuli jeupe la sukari. Dirisha liko nyuma upande wa kushoto, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, na vivuli vya vyombo vinalala kuelekea kulia na mbele. Picha ilipigwa zamani. Sasa ametoa kopo jipya la kahawa, anataka lionekane juu ya meza hiyo hiyo, kati ya bilauri na bakuli. Kazi anaifanya kwa Photoshop, programu ambayo mafundi wengi wa picha wanaijua.

Akibandika kopo tu, litaelea. Akilichorea kivuli cheusi chini, halafu akageuza nakala ya kopo miguu juu ili iwe mwakisiko kwenye vanishi, bado mtazamaji atahisi kuna kasoro asiyoweza kuitaja. Mara nyingi sababu ni moja: fundi amekichukulia kivuli na mwakisiko kama pambo la aina moja, kumbe kila kimoja kina kanuni yake. Kivuli ni mahali ambapo kopo limeuzuia mwanga usifike kwenye mbao. Kinategemea jua lilipo, na hata ukihamisha kamera hakiondoki mahali pake mezani. Mwakisiko ni mwanga uliotoka kwenye kopo, ukagonga vanishi, ukaruka hadi kwenye kamera. Huo unategemea jicho lilipo, na ukisogea hatua moja nao unasogea.

Kwanza, kopo lenyewe

Kabla ya kuchora chochote, kopo lipigwe picha kwa mwanga unaofanana na wa meza: jua likitokea nyuma kushoto, na kamera ikiinama kwa pembe ile ile. Mdomo wa bilauri utakusaidia kuipima pembe. Kwenye picha mdomo wa duara huonekana kama duaradufu, na kadiri kamera inavyokuwa juu ndivyo duaradufu hiyo inavyopanuka. Ikiwa urefu wake wa kusimama ni nusu ya upana wake, kamera ilikuwa inatazama chini kwa takriban digrii 30. Kifuniko cha kopo lako nacho kiwe na uwiano unaokaribia huo. Kopo lililomulikwa kutoka kulia haliponyeki kwa kivuli chochote, kwa sababu ubavu wake wenyewe unaonyesha upande ambao mwanga ulitoka.

Kutafuta mahali pa kivuli

Macho yetu hayaaminiki katika kupima vivuli. Ushahidi mzuri ni picha ya Lee Harvey Oswald, aliyetuhumiwa kumuua Rais Kennedy wa Marekani. Mwaka 1963 alipigwa picha uani akiwa ameshika bunduki, na kwa miaka mingi watu walidai picha hiyo imeghushiwa, kwa sababu vivuli vya usoni na vya ardhini vilionekana kwenda pande tofauti. Mwaka 2009 Hany Farid, mtaalamu wa kuchunguza picha wa Chuo cha Dartmouth, aliijenga upya hali ile kwa kompyuta na kuonyesha kwamba jua moja linatosha kutoa vivuli vyote hivyo. Kwa hiyo usikisie. Chora mistari.

Kwenye tabaka jipya chora mstari kutoka ukingo wa juu wa bilauri hadi sehemu ya kivuli iliyotokana na ukingo huo, kisha uurefushe kurudi nyuma, juu ya fremu ya picha. Fanya vivyo hivyo kwa bakuli la sukari. Mistari hiyo miwili itakutana mahali fulani, na hapo ndipo jua lilipo kwa hesabu ya picha. Kwa kuwa mara nyingi sehemu hiyo huangukia nje ya picha, ongeza nafasi kwa `Image > Canvas Size`. Halafu chora mistari mingine miwili juu ya uso wa meza: kutoka katikati ya kitako cha kila chombo, kupita katikati ya kivuli chake, na kuirefusha kurudi nyuma. Nayo itakutana, safari hii kwenye usawa wa upeo wa macho. Kwa uhalisi vivuli vya jua huenda sambamba, lakini kwenye picha vinakaribiana kama reli inayokwenda mbali. Ndiyo maana kunakili mwelekeo wa kivuli cha bilauri bila kuubadilisha hata kidogo ni kosa: kivuli cha kopo, lililo mahali pengine mezani, lazima kielekee upande tofauti kidogo.

Sasa una pointi mbili. Kutoka ile ya chini vuta mstari upite katikati ya kitako cha kopo. Kutoka ile ya juu vuta mwingine upite katikati ya kifuniko. Pale mistari hii inapokatana ndipo katikati ya kifuniko itakapotua kama kivuli. Rudia kwa ukingo wa kushoto na wa kulia wa kopo na utakuwa na umbo zima: kivuli kinachoanzia kwenye kitako na kuishia kwa duaradufu ya kifuniko. Umbo hilo si nakala ya picha ya kopo iliyolazwa ubavu. Picha ya kopo ni kopo lilivyoonekana kutoka kwenye kamera, ilhali kivuli ni kopo lilivyoonekana kutoka kwenye jua.

Rangi ya kivuli inapimwa

Makosa mengi huanzia kwenye rangi nyeusi. Mbao iliyo kivulini haikukosa mwanga wote. Imekosa jua, lakini bado inapata mwanga wa anga kupitia dirishani na mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta. Anga ni ya samawati, kwa hiyo mara nyingi kivuli cha jua kina ubaridi kidogo, na chumba chenye ukuta mwekundu nacho hukipaka wekundu.

Picha yenyewe ina jibu. Chagua `Eyedropper`, weka `Sample Size` iwe `5 by 5 Average`, upime mbao mahali pawili palipo karibu: ndani ya kivuli cha bilauri na nje yake, pasipo na mng'ao wa vanishi. Tuseme mbao yenye jua imesoma 168 kwa nyekundu, 120 kwa kijani na 82 kwa buluu, na ya kivulini imesoma 84, 66 na 53. Gawanya namba za kivuli kwa namba za jua. Utapata 0.50, 0.55 na 0.65. Nyekundu imepungua nusu, buluu imepungua theluthi tu. Zidisha kila jibu kwa 255, na rangi ya kivuli chako ni 128, 140, 165: kijivu chenye ubuluu.

Jaza umbo la kivuli kwa rangi hiyo kwenye tabaka lake, na hali ya tabaka iwe `Multiply`. Katika hali hiyo Photoshop inazidisha namba za tabaka na namba za picha iliyo chini, kisha inagawanya kwa 255, na hiyo ndiyo hesabu tuliyoifanya sasa hivi kinyumenyume. Michirizi ya mbao inabaki ikionekana ndani ya kivuli, kama inavyoonekana kwenye kivuli cha bilauri. Pima tena kwa `Eyedropper`. Namba zikikaribiana na za kivuli cha zamani, rangi imekubali.

Jihadhari pale kivuli cha kopo kinapopandana na kivuli cha bilauri. `Multiply` itapatia giza mara mbili, jambo ambalo jua moja haliwezi kufanya: mahali hapo jua lilikwisha kuzuiwa na bilauri, na kopo halina cha kuzuia tena. Futa sehemu hiyo kwa `Layer Mask` hadi weusi wa vivuli viwili ulingane. Giza la ziada ni halali tu ikiwa kuna taa mbili, na kila chombo kinazuia taa yake.

Ukingo mkali, ukingo laini

Jua si nukta. Tukilitazama kutoka duniani, kipenyo chake ni takriban nusu digrii. Kwa hiyo ukingo wa kivuli hauna mkato kamili, bali una ukanda ambamo sehemu ya jua inaonekana na sehemu imefichwa. Upana wa ukanda huo ni takriban sehemu moja ya 108 ya umbali kutoka ukingo wa chombo hadi kivuli kinapotua.

Kopo letu lina urefu wa sentimita 15, na tuseme jua liko digrii 35 juu ya usawa. Mwali unaogusa kifuniko unasafiri sentimita 26 hivi kabla ya kutua mezani, basi ubavu wa kivuli, kule mwishoni, una ukanda laini wa milimita 2.4. Kitakoni umbali ni sifuri, na ukingo ni mkali kabisa. Ikiwa kopo lenye kipenyo cha sentimita 8 limechukua pikseli 400 kwenye picha, milimita moja ni pikseli 5, na ukanda ule ni pikseli 12. Kwa `Gaussian Blur` hiyo ni `Radius` ya karibu 3, kwa kuwa ukanda unaoonekana huwa mpana karibu mara nne ya namba unayoandika. Tengeneza nakala mbili za kivuli, moja kali na moja laini, kisha kwa `Layer Mask` yenye `Gradient` ile kali ishike kitakoni na ile laini ishike mwishoni.

Jua lingekuwa nyuma ya mawingu, mambo yangebadilika kabisa. Taa ingekuwa dirisha lenyewe. Dirisha la upana wa mita moja lililo mita 2 kutoka mezani linatoa ukanda laini wenye upana wa nusu ya umbali: sehemu ya kopo iliyo sentimita 10 kutoka mahali kivuli chake kinapotua ina ukungu wa sentimita 5. Mahali pale pale jua lingetoa ukungu usiofika milimita moja. Ndiyo maana kivuli laini kilichonakiliwa kutoka picha nyingine kinajitangaza mara moja kikiwekwa kando ya bilauri yenye kivuli kikali.

Lipo pia giza la mguso. Katika upenyo mwembamba chini ya ukingo wa kitako, hata mwanga wa anga hauingii. Hapo panahitaji mstari mweusi kuliko kivuli chote, wa pikseli 2 au 3, unaofifia haraka kuelekea nje. Utazame chini ya bakuli la sukari kabla ya kuuchora. Bila mstari huo kopo litaendelea kuelea hata kama kivuli kikubwa kimepimwa barabara.

Mwakisiko si picha iliyogeuzwa

Sasa vanishi. Mafundi wengi hunakili kopo, huchagua `Flip Vertical`, hupunguza `Opacity`, na kazi wameimaliza. Njia hiyo inakubalika tu ikiwa kamera ilikuwa karibu kulala usawa wa meza. Kwa kamera inayotazama kutoka juu inatoa kitu kisichowezekana.

Fikiria vanishi inaona nini. Iko chini ya kopo, inatazama juu, kwa hiyo haiwezi kamwe kuona uso wa juu wa kifuniko. Lakini nakala iliyogeuzwa inaubeba uso huo na kuulaza mezani. Kosa la pili liko kwenye matao. Kopo likitazamwa kutoka juu, kitako chake huonekana kama tao lililotuna kuelekea chini, na michirizi ya lebo hutuna vivyo hivyo. Ukigeuza nakala, matao yote yanatuna kuelekea juu. Kopo na nakala yake vinagusana kwenye nukta moja katikati, na pembeni panabaki mianya miwili. Mwakisiko wa kweli ni kama kopo la pili lililoendelea chini ya meza, nalo tunalitazama kutoka juu vilevile. Matao yake yote hutuna kuelekea chini, tena yanazidi kutuna kadiri yanavyoshuka.

Kwa kopo la duara marekebisho si magumu. Kata kifuniko kwenye nakala, igeuze, kisha tumia `Edit > Transform > Warp` kuyapinda matao hadi tao la juu la nakala lishikane na kitako chote. Njia safi zaidi ni kupiga picha ya pili: weka kopo ukingoni mwa rafu iliyo juu, shuka chini yake, elekeza kamera juu kwa digrii 30 zile zile, halafu ndipo ugeuze. Hiyo ndiyo sura ambayo vanishi ingeiona.

Mwakisiko unashuka wima kutoka kitakoni kuelekea kwako, ukifuata mbavu za kopo, hata kama jua linatokea wapi. Kivuli chetu kinakwenda kulia. Basi chini ya kopo patakuwa na njia mbili zinazoachana, na ukiona vyote viwili vimelala upande mmoja, angalia tena mistari yako.

Nguvu ya mwakisiko

Vanishi hairudishi mwanga kwa kiwango kimoja kila wakati. Ukiitazama kutoka juu moja kwa moja, inarudisha takriban asilimia 4. Kamera ikitazama chini kwa digrii 30, kama yetu, inarudisha karibu asilimia 9. Ikishushwa hadi digrii 10 tu juu ya usawa wa meza, karibu asilimia 39. Ndiyo maana mwakisiko mzito kwenye picha iliyopigwa kutoka juu kabisa huonekana wa uongo.

Hata hivyo, asilimia 9 ya mwanga si `Opacity` ya 9. Namba za pikseli hazipandi sawasawa na mwanga. Kitu cheupe kikiakisiwa kwa asilimia 9 juu ya meza iliyo karibu kuwa nyeusi, kitasoma takriban 85 kati ya 255, yaani theluthi moja ya mizani. Kwa hiyo usiweke namba kutoka kichwani. Weka tabaka la mwakisiko katika hali ya `Screen`, kwa sababu mwakisiko huongeza mwanga juu ya mbao, kisha pandisha na kushusha `Opacity` huku ukilinganisha na mwakisiko wa bakuli la sukari. Sehemu nyeupe ya lebo ya kopo isiwe na mwakisiko wenye nguvu kuliko ule wa bakuli jeupe lililomulikwa sawa nayo.

Tazama pia kama vanishi ni laini kama kioo au imekwaruzwa kwa kupanguswa miaka mingi. Juu ya meza iliyokwaruzwa, mwakisiko huwa safi karibu na kitako, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyotawanyika, hasa kwa mwelekeo wa wima. Ukungu wa mwakisiko wa bakuli utakuonyesha kiasi.

Pale viwili vinapokutana

Sehemu ngumu kuliko zote ni mng'ao. Dirisha liko nyuma, kwa hiyo mezani kuna utepe mweupe, ambao ni mwakisiko wa dirisha lenyewe. Kopo jipya likisimama kati ya utepe huo na dirisha, linauziba. Ndani ya eneo la mwakisiko wa kopo, weupe wa dirisha haupaswi kuwepo tena. Kabla ya kuweka mwakisiko, ufute utepe hapo kwa `Clone Stamp`, ukichukua mbao isiyo na mng'ao.

Kivuli kinatenda kinyume. Kinapokatiza utepe wa mng'ao nje ya mwakisiko wa kopo, hakiufuti, kwa sababu mwanga wa utepe haukutoka ndani ya mbao, umeruka tu juu ya vanishi. Kioo cha ukutani hakishiki kivuli kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo punguza kivuli kwa `Layer Mask` kila kinapopita juu ya mng'ao mkali. Mpangilio wa matabaka nao unafuata mantiki hiyo: meza chini kabisa, kisha kivuli, kisha mwakisiko, na kopo juu ya yote.

Ukimaliza, geuza picha nzima kushoto kulia ili jicho lipoteze mazoea, halafu ongeza tabaka la muda la `Curves` na uling'arishe eneo la giza kupita kiasi. Kingo za kivuli zilizokatwa vibaya, giza lililopandana na mianya ya kitakoni hujitokeza zenyewe. Ondoa tabaka hilo, urudi kwenye ile mistari ya mwanzo na uone kama kivuli cha kopo bado kinapita kwenye pointi zake. Wachunguzi wa picha za kughushi huanza na mistari kama hiyo hiyo.

Yote haya yamewezekana kwa sababu kopo la bati halipitishi mwanga. Ingekuwa chupa ya asali, kivuli chake kingekuwa na rangi ya kahawia, na katikati yake pangekuwa na doa la mwanga uliokusanywa na asali, lenye umbo linalobadilika kwa kila pembe ya jua. Mbao za nyuma nazo zingeonekana kupitia chupa zikiwa zimepinda. Hakuna mistari miwili inayokupa umbo hilo. Kwa kazi ya namna hiyo, tafuta ubao wa rangi hiyo uliopigwa vanishi, uuweke dirishani saa ile ile ya jua, upige chupa ya kweli pamoja na kivuli na mwakisiko wake, na uhamishe vyote vitatu kwa mkato mmoja.